Kuni Hizi Zitatosha Siku Ngapi?

Muhula uliopita mpishi wetu alinionyesha picha ya rundo la kuni za mkaratusi, akaniuliza kama zitatosha siku 30 zilizobaki kabla ya shule kufungwa.

Fimbo ya meta 1 ilikuwa imeegemezwa kwenye rundo. Katika picha fimbo ilikuwa sentimeta 2, urefu wa rundo 8, na kimo chake 3. Basi rundo lilikuwa meta 4 kwa 1.5. Upana haukuonekana, lakini mpishi alisema kila gogo lilikatwa meta 1. Ujazo: 4 × 1.5 × 1 = meta 6 za ujazo.

Hapa wengi hukosea, maana katikati ya magogo mna hewa. Kuni zenyewe ni kama sehemu 6 katika 10, yaani meta 3.6. Mkaratusi mkavu huwa na kilo 600 hivi kwa kila meta ya ujazo, jumla kilo 2,160. Tulipima kuni za siku tatu jikoni. Wastani ulikuwa kilo 90 kwa siku. Basi zilikuwa za siku 24 tu! Mpishi akaagiza nyingine mapema, ili zipate kukauka.

Angalia: fimbo isisimamishwe mbele ya rundo. Itaonekana kubwa, na rundo litaonekana dogo kuliko lilivyo.