SOMO LA BIASHARA: MTEJA ANAPODAI MZIGO KABLA YA WAKATI

Watengenezaji wa matofali ya saruji hupata maombi ya haraka kila mara. Mfano wa somo hili ni mkandarasi anayepiga simu Jumatatu tarehe 2 akitaka matofali 2,400 yafike Ijumaa tarehe 6. Mwenye yadi ana 1,200 yaliyokomaa, na watu wake hufyatua 300 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, 1,200 yaliyobaki yatakwisha kufyatuliwa Alhamisi tarehe 5.

Kufyatuliwa si kukomaa. Tofali la saruji hunyunyiziwa maji na kufunikwa angalau siku 7, na hata hapo huwa limepata takriban theluthi mbili tu ya nguvu ya siku 28. Saruji iliyochanganywa na pozolana hukawia zaidi. Tofali bichi hujulikana kwa kingo zinazomeguka mkononi na sauti nzito yanapogonganishwa mawili. Likipakiwa kwenye lori, mengi hufika yamevunjika, na hasara humrudia muuzaji. Kwa hiyo yadi hii haitoi tofali kabla ya siku 14.

Kabla ya kujibu, mwenye yadi anauliza swali moja: mafundi wanajenga matofali mangapi kwa siku? Jibu ni 120, na hawafanyi kazi Jumapili. Basi 1,200 yatawatosha siku 10 za kazi, kuanzia Jumamosi tarehe 7 hadi Jumatano tarehe 18. Mkandarasi hahitaji mzigo wote Ijumaa. Anachohitaji ni mafundi wasikae bure.

Yaliyofyatuliwa Jumatatu na Jumanne yatatimiza siku 14 tarehe 16 na 17, na ya mwisho tarehe 19. Ujumbe unaandikwa hivi:

“Habari, Bwana Mkandarasi. Matofali 2,400 hayatawezekana Ijumaa, kwa sababu nusu bado hayajakomaa. Utapata 1,200 Ijumaa tarehe 6, 600 Jumatano tarehe 18 asubuhi, na 600 Jumamosi tarehe 21. Kila mzigo utalipiwa unapopokelewa. Safari ya lori iliyoongezeka ni juu yako. Tafadhali thibitisha leo kabla ya saa kumi jioni ili 1,200 ya kwanza yawekwe kando kwa jina lako.”

Ujumbe huu unakataa katika sentensi ya kwanza baada ya salamu, bila “nitajaribu”, neno ambalo mteja husikia kama ahadi. Tarehe ya mwisho imeachiwa siku mbili za ziada kwa ajili ya mvua au lori kuharibika. Gharama ya usafiri imetajwa mapema, kwani ndiyo huleta ugomvi mzigo unapogawanywa.

Kila mzigo unapofika, mpokeaji atie sahihi idadi iliyopokelewa na iliyobaki. Mteja akikataa mpango huu, ni afadhali aende kwingine kuliko kupelekewa matofali mabichi.