Majivu ya Ijumaa, Moto wa Jumapili

Kwa sisi tuliopanga nje ya chuo, gesi ikiisha kabla boom halijaingia, jiko la mkaa ndilo mkombozi. Ijumaa moja mwaka jana tulichemsha maharage, tukamaliza kama saa mbili usiku. Asubuhi ya Jumamosi nikayakumba majivu, yalikuwa meupe na ya baridi kabisa juu, nikayatia kwenye kiroba kitupu cha unga na kukiegemeza barazani karibu na mlango wa jirani. Nilijua nitakitupa Jumatatu gari la taka likipita.

Jumapili alfajiri mama mwenye nyumba alitugongea dirisha. "Nyie wanangu, mnachoma nini huko nje?" Hatukuwa tunachoma kitu. Kiroba kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja, majivu yamemwagika juu ya zulia la mlangoni, na zulia linaungua taratibu kuelekea kwenye ubao wa mlango. Hakukuwa na mwali hata mmoja, ni moshi mwembamba tu na harufu ya plastiki. Tangu nilipoyatoa jikoni zilikuwa zimepita karibu saa 24.

Mwenzangu wa chumbani aliapa kwamba kuna mtu ametupia kipisi cha sigara. Mimi nilimkumbuka bibi. Kijijini, usiku bibi hakuuzima moto. Alilikusanya kaa moja au mawili makubwa, akayafukia kwa majivu, na asubuhi akafukua, akapuliza, chai ikabandikwa. Hakuhitaji kiberiti. Kumbe mimi nilikuwa nimefanya vilevile, tofauti ni kwamba nilifanyia ndani ya kiroba.

Kinachotokea ni hiki. Mkaa ni kuni iliyokwisha kutolewa karibu gesi zake zote, na gesi ndizo zinazotoa mwali na moshi mwingi. Kinachobaki ni kaboni, nayo huungua kimyakimya juu ya uso wake, yaani inafukuta. Majivu yanayolizunguka kaa hufanya kazi mbili: yanazuia joto lisitoke, kama blanketi, na yanapitisha oksijeni kidogo sana. Kidogo hicho hakitoshi kuliunguza kaa haraka, lakini kinatosha kulifanya lisife. Ndiyo maana watu wa zimamoto hushauri majivu makavu yahesabiwe kuwa ya moto kwa siku 4 hivi. Kaa linalofukuta linaweza kuzidi nyuzi joto 500 za Selsiasi. Kiroba cha polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Kikishatoboka, upepo unaingia, na kaa lililosinzia linaamka.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuyapima majivu kwa juu. Weupe na ubaridi wa juu haukwambii chochote kuhusu tumboni. Fukua kwa kijiko cha chuma au kijiti kibichi mpaka chini, kisha sogeza mgongo wa kiganja juu yake bila kugusa. Ukihisi joto sehemu moja tu, hapo kuna kaa. Usiku ni rahisi zaidi: zima taa, ukifukua utaona wekundu.

Sasa tunatumia debe la bati lenye mfuniko, limekaa juu ya matofali mawili kwa sababu kitako chake hupata moto. Liko uani, kama mita 3 kutoka ukutani, mbali na majani makavu na kamba ya nguo. Kamwe haliingii ndani, hata mvua ikinyesha, maana makaa yanayofukuta hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na chumba chetu kina dirisha moja.

Ukitaka kuyatupa siku hiyohiyo, maji ni lazima. Usiyamimine ndani ya jiko lenye udongo, litapasuka. Yahamishie kwenye debe kwanza, simama upande upepo unakotoka, mwaga kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti. Ukimwaga kwa pupa, mvuke na majivu ya moto vitakurukia usoni. Kumwagia juu tu nako hakutoshi, maji hutengeneza tope juu na kaa la chini linabaki kavu. Endelea hadi usisikie tena sauti ya kuchemka na majivu yawe kama uji mzito. Rudi baada ya nusu saa ukoroge tena. Usikoroge kwa mkono, maji ya majivu ni kama magadi makali, yanachubua ngozi.

Mama mwenye nyumba hutuomba majivu makavu kwa ajili ya mchicha wake. Hayo tunayafunika debeni na kuandika siku kwa chaki kwenye mfuniko. La sasa limeandikwa Jumatano, kwa hiyo atalichukua Jumapili, baada ya kufukua.