2RHZE/4RH si hesabu ya vidonge

Wauguzi wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo wanauliza jambo lile lile: mgonjwa wa kifua kikuu ameandikiwa 2RHZE/4RH, tumwandikie nini cha kwenda nacho nyumbani?

Kwanza achaneni na kosa linalonikera kuliko yote, la kudhani 2 na 4 ni vidonge. Ni miezi. Miwili ya kwanza anatumia dawa nne zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Idadi ya vidonge inatokana na uzito, na ndani ya alama hizo haimo kabisa. Chukueni jalada la mchimbaji kama huyu:

`PTB, MTB+, RR−, HIV −ve, 49 kg, 2RHZE/4RH, 3 tabs OD, RTC 2/52`

Mwenye kilo 38 hadi 54 humeza vidonge 3 kwa siku. Akimeza 2, anakosa theluthi ya dozi kila siku, na vimelea vinavyosalia ndivyo vinavyozaa usugu. Akimeza 4, analielemea ini. Ningemwandikia hivi:

“Una kifua kikuu cha mapafu. Kinatibika. Meza vidonge 3 kwa pamoja, mara moja kwa siku, kila siku. Baada ya miezi 2 tutapima tena makohozi ndipo tukubadilishie dawa. Usiache hata kikohozi kikiisha. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa: ni dawa, si damu. Macho yakiwa ya njano, ukitapika mfululizo au ukianza kuona ukungu, njoo siku hiyo hiyo.”

Ile 2/52 ni kurudi baada ya wiki 2. Andikeni siku na tarehe yenyewe. Majibu ya VVU nimeyaacha makusudi. Karatasi hiyo italala kambini, mikononi mwa yeyote. Hayo aambiwe kwa mdomo, faraghani.

Mgonjwa anasema ameelewa. Inatosha?

Haitoshi. Nani atamkatalia daktari? Mwombeni amweleze ndugu aliyemsindikiza, kwa Kisukuma kama ndicho anachokizoea, atameza vingapi na lini. Akikosea, rekebisheni karatasi.

Anayeshuka duarani usiku ameze saa ngapi?

Akitoka shimoni asubuhi, saa ile ile kila siku.

Mganga amemwambia mkojo mwekundu ni damu inayooza, ameze mizizi yake.

Huyo mganga aulizwe mgonjwa akimfia atasema nini.

Amemaliza miezi 6, bado anakohoa. Tumwandikie aanze upya?

Msimwandikie kabla ya kumpima. Vumbi la jiwe kwenye karasha huacha makovu mapafuni, na mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Dawa huua vimelea, makovu hubaki. Apimwe makohozi na kupigwa picha ya kifua. Makohozi yakiwa safi na picha ikionyesha makovu ya vumbi, andikeni: “Hakuna vimelea. Kikohozi hiki kinatokana na vumbi, na vidonge vya kifua kikuu havitakiondoa. Usirudi kwenye karasha.”

Atauliza atakula nini. Hilo sina karatasi yake.