Msafara wa Mamba na Kenge Wamo: Methali za Kikao cha Vijana



Kijana wa Bujora hahitaji kufundishwa jinsi umati unavyovuta. Kwenye Bulabo, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Watu wakianza kuhamia upande mmoja, miguu yako nayo inahama, hata kabla hujaangalia nani anacheza vizuri. Kwenye ngoma hakuna neno. Kazi ipo pale miguu inapohama hivyohivyo kuelekea kwenye pombe, bangi au kubeti.

Sasa tuliongeleeje hili kikundini bila kuhubiriana? Wasukuma wana msemo: nilikuonyesha nyota, wewe ukatazama ncha ya kidole changu. Methali inaonyesha nyota. Kiongozi akishaanza, "Maana yake ninyi vijana wa siku hizi...", ameingiza kidole, na wote watatazama kidole.

Kwa hiyo chagua methali kwa uangalifu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" iache, kwa sababu inatisha tu. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza" nayo ina mtego: ukiitaja, macho yanaanza kumtafuta huyo samaki. Ukiona wawili wanatazamana halafu wanamgeukia mmoja kwenye kona, ujue methali imeshakuwa kidole.

Jaribuni hizi tatu, kwa mpangilio huu.

Anza na "Wengi wape". Ndiyo, hii ni ya upande wa pili! Lakini vijana wanaijua na wanaitumia, kwa hiyo waisikie mezani. Uliza: ni wapi inafaa? Watasema kuchagua kiongozi au rangi ya sare ya kwaya. Halafu uliza: ni wapi wengi wanaamua lakini anayelipa ni mmoja? Nyamaza, wajibu wenyewe.

Ya pili ni "Msafara wa mamba na kenge wamo". Watu wa ziwani tunawajua wote wawili. Kwa mbali majini unaweza kuwachanganya. Uliza: kenge anapata nini kwenye huo msafara, na siku mamba wakiingia vitani yeye atafanyaje? Methali hii haimtukani mtu, kwani kila mmoja wetu amewahi kuwa kenge mahali fulani.

Ya tatu ni ya kutoka nayo mlangoni: "Akili za kuambiwa, changanya na zako". Haisemi usiwasikilize wenzako. Inasema usije mikono mitupu.

Tuiweke kazini. Jumamosi jioni wenzako watano wanachangia mkeka, kila mtu buku. Mfukoni una 1,000 ya nauli ya kesho. Wanasema, "Acha ushamba, wote tumeweka." Ukijibu kwamba kubeti ni dhambi, umeanzisha mdahalo, na wao ni watano. Ukisema, "Za kuambiwa nimezisikia, nimechanganya na zangu, na zangu zinasema hii ni nauli," watacheka. Hujamhukumu mtu, na buku bado unayo. Watarudia tena. Usitafute methali mpya wala sababu mpya, kwa sababu kila sababu unayoongeza ni kamba nyingine ya kukuvutia. Rudia ileile, kwa tabasamu lilelile, halafu badilisha mada au aga.

Methali ina mpaka wake. Wakitishia kukupiga, au mtu mzima akikushawishi kwa zawadi ili akupate kimapenzi, usibaki hapo ukijibizana. Ondoka, umwambie mzazi, mlezi au padre siku hiyohiyo.

Na tusidhani ni jambo la vijana tu. Soma 2 Makabayo sura ya 6. Eleazari ana miaka 90. Wanaomshawishi si maadui, ni marafiki zake wa zamani, na wanamshauri kwa huruma: lete nyama yako halali, ujifanye tu unakula ile iliyokatazwa, upone. Anakataa, na sababu anayotoa inawahusu ninyi: vijana wangedhani mzee Eleazari ameiacha imani, wakapotoka kwa ajili yake. Alijua kwamba hata mtu mmoja huvuta umati.

Maswali ya kikundi:
1. Ni msemo gani wenzako wanautumia kukuvuta? Taja msemo, usimtaje mtu.
2. Ungeujibu kwa methali gani, ya Kiswahili au ya Kisukuma?
3. Wiki hii, nani anatazama unaposimama ili ajue pa kusimama?