Kukata penye ukungu hakutoshi

Swali: Mkate wangu wa slesi umeota doa la kijani pembeni. Nikilikata, naweza kula uliobaki?

Jibu: Hapana, tupa mkate wote. Ukungu ukishaonyesha rangi, umekwisha kukua kitambo, kwani kijani hicho ni vimbegu vyake. Kabla ya hapo hutandaza nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, nazo hupenya upesi kwa sababu mkate ni laini, una unyevu na umejaa matundu. Baadhi ya aina za ukungu hutoa sumu ambayo hata kuubanika mkate hakuiondoi. Slesi nyingine mfukoni nazo huenda zimeangukiwa na vimbegu. Tafadhali usiunuse kuupima, hasa kama una pumu. Jibini gumu ndilo hukatwa, sentimita 2.5 kuzunguka doa, maana nyuzi hazipenyi humo kwa urahisi.