Vidokezo vya kutafsiri barua ya rufaa ya viza

Mama mmoja mwenye duka la vitenge alinijia na barua ya kurasa mbili, ya mkono, iliyokunjwa mara nne. Ubalozi wa nchi mojawapo ya Schengen ulikuwa umemnyima viza ya kwenda kumwona binti yake aliyejifungua, naye alitaka rufaa yake iende kwa Kiingereza. Mengi ninayoyasema hapa nimeyaona kwenye barua ile.

1. Anza na barua ya kukataliwa

Usiguse barua ya mteja kabla hujaomba ile aliyopewa na ubalozi. Nchi za Schengen hutumia fomu ya aina moja yenye orodha ya sababu, na sababu iliyomwangusha mwombaji huwekewa alama. Humo pia mna muda wa kukata rufaa na mahali pa kuipeleka. Masharti ya rufaa hutofautiana nchi kwa nchi: Ufaransa hutaka rufaa iandikwe kwa Kifaransa, na Ujerumani ilifuta pingamizi la ubalozini kuanzia 1 Julai 2025, kwa hiyo anayepinga huenda mahakamani Berlin au huomba viza upya.

Kwa mama huyu alama ilikuwa kwenye shaka kwamba hatarudi kwao. Barua yake ilieleza kwa kirefu jinsi anavyompenda mjukuu, na duka ikalitaja kwa mstari mmoja. Nilimwambia hivyo hivyo, akaenda kuongeza habari za leseni ya biashara na mkataba wa pango.

2. Uliza “mwanangu” ni nani

Hapa ndipo tafsiri sahihi inaweza kumponza mtu. Aliandika “mwanangu”, lakini cheti cha kuzaliwa cha binti kilikuwa na jina la mama mwingine. Ni mtoto wa marehemu dada yake. Kwetu huyo ni mwanawe, hakuna uongo hapo. Lakini afisa anayelinganisha barua na cheti ataona mambo mawili yasiyolingana.

Nilimpigia simu. Akaandika upya: “mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa na miaka minne.” Neno “mwanangu” sikulibadilisha mimi kwenye Kiingereza kimyakimya, maana barua ni yake na sahihi ni yake. Maneno kama ndugu, shemeji, baba mdogo na mdogo wangu nayo yaulizie: wa kiume au wa kike, kwa baba au kwa mama?

3. “Mwaka juzi” uugeuze kuwa mihuri ya pasipoti

Aliandika: “Nilikuja huko mwaka juzi nikakaa kidogo nikarudi.” Hiyo ndiyo hoja yake kubwa kuliko zote, na imefichwa. Tulifungua pasipoti: aliingia 12 Juni 2023, akatoka 28 Agosti 2023. Ukihesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ni siku 78, chini ya 90 zinazoruhusiwa ndani ya siku 180. Akaziandika tarehe hizo kwenye barua yake, nami nikazitafsiri.

Jina la mwezi liandike kwa herufi. 03/04 kwa mmoja ni Aprili, kwa mwingine ni Machi. Saa nazo ziangalie: miadi ya saa tano asubuhi ni 11:00. Na laki nane iandike 800,000, pamoja na jina la sarafu.

4. Heshima iwe mlangoni

Kwa Kiswahili tunaomba radhi hata tusipokosa. “Mniwie radhi kama nilikosea” ni adabu tu, lakini ikitafsiriwa neno kwa neno inasomeka kama mtu anayekiri kosa, na msomaji atauliza kosa gani. Nilimweleza, akaifuta. Tuliacha salamu moja mwanzoni na shukrani moja mwishoni. Katikati tukaacha hoja zitembee zenyewe.

Upande wa pili kulikuwa na “hamkusoma hata karatasi zangu.” Niliuelewa uchungu wake. Nikampa njia nyingine ya kusema: “Naomba mtazame tena kiambatisho namba 4, taarifa ya benki ya miezi sita.” Lalamiko lile lile, ila sasa lina mahali pa kuelekeza macho.

5. Kabla ya kukabidhi

Soma tarakimu zote kwa sauti huku mteja ameshika nakala yake. Majina yafuate pasipoti herufi kwa herufi. Mohamed asiwe Mohammed kwa kuwa wewe umezoea hivyo. Mwisho andika tamko fupi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, ukiweka jina lako, mawasiliano, tarehe na sahihi.

Mama alisaini barua mpya ya Kiswahili mezani kwangu. Nikaibana pamoja na tafsiri, Kiswahili kikiwa nyuma, kisha tukapanga viambatisho kwa namba zilizotajwa ndani ya barua.