Mchezo wa Simu kwa Mtoto wa Miaka Mitatu hadi Mitano

Mtoto wa miaka minne hajui tangazo ni nini. Kwake kila kinachong'aa kwenye kioo ni sehemu ya mchezo. Anapaka rangi picha ya tembo, ghafla linatokea tangazo lenye zawadi inayometameta, naye analigusa. Alama ya X ya kulifunga ni ndogo kuliko ncha ya kidole chake, na mara nyingi hujitokeza baada ya sekunde kadhaa. Kufumba na kufumbua, amefika kwenye duka la programu au kwenye video ambayo hukuichagua. Hakuna utundu hapo, mchezo wenyewe ndio umetengenezwa hivyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kumfundisha mtoto asiguse matangazo. Ni kumtafutia mchezo usiokuwa nayo kabisa.

Ukifungua Google Play, soma maneno madogo yaliyo chini ya jina la mchezo. Ukiona "Contains ads", mchezo una matangazo. Ukiona "In-app purchases", kuna vitu vinauzwa ndani yake, hata kama kuupakua ni bure. Uache, tafuta mwingine. Mfano mzuri ni GCompris, mkusanyiko wa michezo midogo mingi ya watoto uliotengenezwa na watu wanaojitolea. Ni bure, hauna matangazo wala mauzo, na ukishapakuliwa michezo yake huchezwa bila bando.

Usimpe mtoto siku hiyohiyo. Ucheze kwanza wewe peke yako kama dakika kumi, data ikiwa imewashwa, uguseguse ovyo kila kona kama atakavyogusa yeye. Kitu chochote kikikutoa nje ya mchezo, mchezo huo haufai. Ukiridhika, washa hali ya ndegeni kisha uufungue tena uone kama unafanya kazi. Kumbuka tu kwamba simu ikiwa hivyo haipokei simu wala ujumbe.

Limebaki jambo la simu yenyewe, maana ndiyo hiyohiyo yenye fedha zako na meseji zako. Simu nyingi za Android zina kitu kinachoitwa "App pinning", kwa kawaida ndani ya mipangilio ya usalama. Kiwashe, na uchague simu idai PIN kabla ya kufungua. Ukishaubana mchezo kwenye kioo, mtoto hawezi kutoka kwenda kwingine. PIN hiyo usiibonyeze mbele yake. Watoto wa umri huu wanashika haraka sana mpangilio wa vidole.

Sasa keti naye. Kuketi karibu ni bega kwa bega, kioo mkikiona wote wawili, kuwa jikoni huku ukiuliza "unacheza?" hakutoshi. Tuseme mmechagua mchezo wa samaki, ambao mtoto anagusa kila samaki kabla hajapita na kutoka kwenye kioo. Mwache mkono wake ufanye kazi. Wewe kazi yako ni maneno: "Mama, huyu ana rangi gani? Yupi anakwenda kasi?" Akikosa, subiri. Wazazi wengi huharibu hapa kwa kunyoosha kidole na kumgusia samaki, na mtoto hujifunza kungoja kufanyiwa.

Mtazame usoni pia. Akigonga kioo haraka haraka bila kutazama, mchezo umemzidi au umemchosha. Rudi kwenye ulio rahisi zaidi, kama ule wa kufuta kioo kwa kidole ili picha iliyofichwa ionekane, au funga simu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu au minne asizidishe saa 1 kwa siku ya kukaa mbele ya kioo, na ikipungua ni bora. Saa hiyo ni pamoja na katuni za televisheni. Mtoto akishatazama katuni nusu saa asubuhi, dakika kumi na tano za mchezo jioni zinamtosha.

Kilio cha mwisho wa mchezo mara nyingi hutokana na kukatishwa katikati. Mwambie mapema, "Tukimaliza hawa samaki tunafunga," kisha funga kweli mzunguko ukiisha. Mpe yeye abonyeze kitufe cha kuzima kioo. Siku mbili tatu za mwanzo huenda akalia hata hivyo. Usimwongezee mzunguko mmoja wa kumnyamazisha, kwa sababu kesho yake atalia zaidi.

Na siku ambayo huna nafasi ya kuketi naye, simu ibaki mfukoni. Mpe visoda ishirini vilivyooshwa avipange kwa rangi. Kwa mtoto wa miaka minne ni kazi ileile ya kutambua na kulinganisha, ila asiyefikisha miaka mitatu asipewe, anaweza kuweka kimoja mdomoni kikamkaba.